Shada la waya linanyauka, linapwaya au linageuka kahawia: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko kuhusu mashada ya waya, yaani majani yaliyofungwa kwenye fremu ya waya ya duara, hayatofautiani sana, yawe yanatoka Uyole, Mafinga au Makambako. Shada lilikuwa zuri jioni, asubuhi ncha zote zimeinama. Au lilivumilia siku tatu, kisha majani yakaanza kuteleza na kuzunguka kwenye waya. Au upande mmoja umekuwa wa kahawia huku mwingine bado kijani kabisa. Mwenye shada hulaumu hali ya hewa: jua la Usangu, joto la Kyela, upepo mkavu wa Iringa mwezi wa tisa. Joto lina mchango wake, lakini mara nyingi linafichua tu kosa lililokwishafanyika wakati wa kukata na kufunga.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, kuna jambo moja linaloeleza karibu yote yanayofuata. Jani hujishikilia kwa njia mbili. Jani la feni ya msituni, la mgomba au la ua la bustani limesimama kwa sababu limejaa maji. Maji yakipungua kidogo tu, linalala. Jani la msaipresi (ule ambao wengi wanauita mti wa Krismasi), la mpaina, la rozimari, au la mlingoti lililokomaa limesimama kwa nyuzi zake lenyewe, na juu yake lina nta inayozuia maji kutoka haraka. Hili likipoteza maji hubadilika rangi polepole, lakini umbo linabaki. Shada la kudumu kwenye joto linajengwa kwa majani ya aina hii ya pili, yakiwa bado na ulaini wa kukunjika bila kuvunjika.

Nimeanza na dalili zinazolalamikiwa zaidi. Ndani ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia, na uchunguzi usiohitaji kufumua shada unakuja kabla ya ule unaohitaji plaizi.

Dalili: ncha zinainama saa chache baada ya kufunga

Chanzo kinachoongoza ni ncha changa. Huku kwetu mvua zikianza Novemba, mlingoti unatoa machipukizi mapya, mekundu au ya kijani chepesi, yanayong'aa na kupendeza machoni. Ndiyo majira ambayo watu wanaanza kutengeneza mashada ya Krismasi, kwa hiyo ncha hizo zinaingia kwenye shada kwa wingi. Bado hazina nta ya kutosha wala nyuzi za kuzishikilia. Zinanyauka kabla hata mchana haujaisha.

Kagua hivi. Shika kitawi sentimita 10 chini ya ncha, kilaze sawa na ardhi. Ncha ikibaki imenyooka au ikiinama kidogo tu, imekomaa. Ikianguka chini moja kwa moja, bado changa. Kisha kunja jani moja katikati kwa vidole: jani la mlingoti lililokomaa ni gumu mithili ya ngozi na linabaki na alama ya mkunjo, wakati changa linajikunja kwa ulaini kama kitambaa na kurudi. Marekebisho ni rahisi hata kama shada limeshafungwa. Chukua mkasi, kata kila ncha iliyolala mpaka ufike kwenye jani la kwanza lililo gumu. Shada litapungua wingi kidogo, lakini kilichobaki hakitalala. Ukitaka rangi ya fedha, tafuta machipukizi ya visiki vya mlingoti yenye majani ya mviringo na unga mweupe juu yake, ila subiri hadi yapite kipimo hicho cha kulaza.

Chanzo cha pili ni kufunga majani yenye kiu. Watu wengi hukata mchana, hutupa matawi kwenye pikipiki, kisha huanza kufunga papo hapo. Wakati huo mti wenyewe umepungukiwa maji, na kidonda cha tawi kimevuta hewa. Misaipresi na mipaina ina kasoro ya ziada: utomvu unaziba sehemu iliyokatwa, na ukishaganda hakuna maji yanayopanda tena. Ishara yake ni kwamba shada zima limelegea kwa pamoja, si ncha peke yake, na ukikwaruza gome la kijiti kwa kucha ndani bado ni kijani na kuna unyevu.

Hapa tiba ni maji, na namna ya kuyapa ina utaratibu wake. Kata matawi asubuhi jua halijapanda. Ukifika nyumbani, kata tena sentimita 2 za mwisho kwa mshazari, kwa kisu kikali au mkasi, usiponde kwa nyundo. Kijiti kilichopondwa huchafua maji haraka na njia zake za maji huharibika. Pukuchua majani ya sehemu ya chini, simamisha matawi kwenye ndoo yenye maji ya vuguvugu yenye kina cha sentimita 15 hivi, iweke kivulini pasipo upepo, na yaache hapo usiku kucha. Kesho yake ndipo ufunge. Kama shada limeshafungwa na limelegea, lilaze kifudifudi kwenye beseni la maji baridi kwa saa mbili au tatu, kisha litundike kivulini lidondoshe maji. Litarudi iwapo majani yanakunjika bila kulia. Yakishaanza kupasuka na kulia yanapokunjwa, hayo yamekufa, yaondoe, usiyasubiri.

Chanzo cha tatu ni mmea usiofaa. Feni za msituni Rungwe zinavutia sana, lakini hazina kazi kwenye shada linaloshuka bondeni. Majani ya parachichi, ambayo Njombe na Tukuyu hayakosekani, ni magumu, ila yakikauka hujiviringa na kuonyesha mgongo. Usikisie. Jioni, siku mbili kabla ya kukata mzigo wote, chukua kitawi kimoja cha kila mmea unaoufikiria. Kesho yake viweke juu ya bati lenye jua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, bila maji. Kitakachobaki na umbo lake ndicho cha kufungia. Jaribio hili ni kali kuliko safari yoyote ambayo shada litapitia, na halina gharama.

Chanzo cha nne ni usafirishaji. Buti la gari lililoegeshwa juani hupata joto kali kuliko hewa ya nje, na majani yaliyofungiwa humo yanapikika. Mfuko wa plastiki uliofungwa huongeza balaa. Tumia boksi lililotobolewa pembeni, tandika gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa, na beba shada ndani ya gari pamoja na abiria.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi vyanzo hivi vinavyojibana pamoja. Mama mmoja wa Uyole alitengeneza shada mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya kaburi la baba yake Kyela. Lilikuwa na upana wa sentimita 40, likiwa na msaipresi, mlingoti na feni. Jumamosi saa nne asubuhi liliingia kwenye buti la basi. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ni kama mita 500 tu. Kwa hiyo shada lilitoka kwenye baridi likashuka kwenye joto ndani ya saa chache. Alipofika akanipigia simu.

"Shikamoo dada. Shada langu limekufa lote, na ibada ni kesho saa tatu."

"Marahaba mdogo wangu. Usilitupe kwanza. Shika msaipresi peke yake, uniambie ukoje."

Msaipresi ulikuwa mzima. Hilo peke yake lilishasema kwamba joto halikuwa chanzo kikuu, maana vitawi vyote vilipita buti lilelile. Nikamwambia akunje jani la feni: lilivunjika. Akalaza ncha za mlingoti: zilianguka, lakini majani ya chini kwenye kitawi hichohicho yalikuwa magumu. Jibu likapatikana, feni haikufaa tangu mwanzo na mlingoti ulikuwa na ncha changa. Akang'oa feni yote, akakata ncha za mlingoti, akalaza shada kwenye beseni kwa saa mbili chini ya mwembe. Mapengo akayajaza kwa vitawi vya mwembe huohuo, majani ya kijani kizito, si yale mapya ya rangi ya zambarau yanayoning'inia. Majani ya mwembe yaliyokomaa hayadumu kama msaipresi, ila kwa siku kadhaa yanashika umbo lake vizuri. Usiku shada lilikaa barazani, nje ya nyumba ya bati, na Jumapili likaenda kaburini likiwa limesimama.

Ukitaka shada la miezi badala ya wiki, kuna tiba ya ndani zaidi kwa mlingoti: gliserini. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili za maji ya moto, koroga sana, simamisha vitawi vilivyokatwa upya kwenye kina cha sentimita 10, na viweke kivulini. Gliserini inachukua nafasi ya maji ndani ya jani, na kwa kuwa haikauki, jani linabaki laini. Subiri wiki mbili hadi tatu, ukiangalia rangi inavyopanda kutoka chini kwenda juu. Ikifika kwenye ncha, toa. Ukiona matone ya mafuta yanatokeza juu ya majani, umechelewa kidogo, yafute. Rangi itakuwa ya kijani kilichofifia au kahawia, na huo ndio mwisho wake, haitarudi kijani. Soma chupa kabla ya kununua: inatakiwa gliserini tupu, si ile ya kujipaka iliyochanganywa na marashi. Na ncha changa hazifai hapa pia, zitanyauka kabla hazijanywa.

Dalili: majani yanapwaya, yanateleza au kuzunguka kwenye fremu

Hii huja siku ya tatu au ya nne, na huwashangaza watu kwa sababu siku ya kwanza shada lilikuwa limekaza. Kijiti kibichi kina maji, kikikauka kinakonda. Waya haukondi. Nafasi inayobaki kati yao ndiyo inayosababisha kupwaya, na katika hewa kavu ya Iringa inajitokeza mapema kuliko Tukuyu.

Chanzo cha kawaida ni kufunga kila kitita kwa kipande chake cha waya, ukisokota nyuma na kukata. Kila fundo linakuwa legevu peke yake. Funga kwa waya mmoja usiokatwa, uliozungushwa kwenye kipande cha mti, ukiuvuta muda wote. Laza kitita, zungusha waya mara tatu juu ya vijiti vyake, vuta hadi uone gome limebonyea kidogo, kisha laza kinachofuata kikifunika vijiti vya cha kwanza. Kila kitita kinabana kilichotangulia.

Umbali kati ya vitita nao unahusika. Fremu ya sentimita 40 ina mzunguko wa sentimita 126 hivi. Ukiweka kitita kila baada ya sentimita 5, unahitaji vitita 25, na kila kitita kiwe na vitawi vinne au vitano vya urefu wa sentimita 12 hadi 15. Andaa vitita vyote 25 mezani kabla ya kuanza kufunga. Anayefunga kwa kukadiria huanza kwa ukarimu, akifika robo ya mwisho majani yamekwisha, anaanza kutanua nafasi, na robo hiyo ndiyo itakayopwaya.

Chanzo cha pili ni fremu inayoteleza. Waya mtupu wa milimita 4 hauna mahali pa kushika. Kabla ya kufunga chochote, uzungushie utepe wa tyubu ya baiskeli iliyochakaa, uliokatwa upana wa sentimita 2, ukiuvuta. Mpira una faida mbili: unazuia kuteleza, na unabonyea waya wa kufungia unapokazwa, kisha unajaza nafasi vijiti vinapokonda. Utepe wa gunia la katani pia unashika, ila haunyooki na kurudi. Fremu ya miduara miwili, mmoja wa sentimita 40 na mwingine wa 30, iliyounganishwa sehemu sita, haizungushi majani hata kidogo, kwa sababu kitita kimeshikwa mahali pawili.

Cha tatu ni waya wenyewe. Waya mweusi wa kufungia nondo unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini ni mnene kwa kazi hii, haulali vizuri kwenye vijiti vyembamba, na ukilowa unaacha kutu kwenye majani na kwenye mlango. Utumie kuunganishia fremu tu. Kwa vitita, mwone fundi anayesuka upya mota akuuzie mabaki ya waya wa shaba wa nusu milimita. Ni laini, unanyongeka vizuri, na hauoti kutu.

Kama shada limeshapwaya, usilifumue. Ligeuze mgongo juu, shika waya uliolegea kwa ncha ya plaizi na uunyonge nusu mzunguko. Waya unajikunja na kumeza ulegevu. Fanya hivyo kwa kila zamu ya waya, ukiacha pale palipo na kutu kwa sababu patakatika. Kama zaidi ya robo ya shada inatikisika, ongeza waya mpya juu ya wa zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tahadhari mbili. Ncha za waya zikunje zielekee ndani ya majani, na unapokata waya mgumu geuza uso au vaa miwani, kipande kinaruka. Waya wenye kutu ukikuchoma kwa kina, osha kwa maji na sabuni na uende zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda.

Dalili: upande mmoja umegeuka kahawia

Anza kwa kuangalia mahali lilipo, si shada. Geti la chuma au mlango wa bati unaoelekea magharibi unapata jua la mchana wote. Gusa chuma saa nane mchana: ukishindwa kuacha kiganja hapo, majani yanaungua kutoka nyuma hata kama mbele yanaonekana mazima. Weka vipande vitatu vya mti au vizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite kati ya shada na chuma, na ulizungushe nusu mzunguko kila baada ya siku tatu. Kunyunyizia maji kunapoza majani na kupunguza kasi ya kukauka, kwa hiyo nyunyiza jioni. Usitegemee kwamba jani lenye nta litanywa ya kutosha kwa njia hiyo.

Wengine hupuliza spre ya nywele au vanishi kuziba unyevu. Sishauri hata kidogo. Majani makavu ya msaipresi yana mafuta yanayoshika moto upesi, na ukiongeza spre umeyafanya yawe hatari zaidi.

Kama mahali pana kivuli na bado kuna kahawia, fumua kitita kimoja cha eneo hilo uangalie kama vijiti vyake vilikatwa siku moja na vingine. Mara nyingi utakuta mabaki ya jana yaliyokuwa chini bila maji, yakatumika kumalizia robo ya mwisho. Toa vitita hivyo tu, uweke vipya.

Kilicho nadra, lakini cha kuangaliwa kwa makini, ni mti uliokuwa mgonjwa kabla hujaukata. Kuna vidukari wa msaipresi walioonekana Malawi mwaka 1986 na kusambaa hadi kwetu na Kenya katika miaka iliyofuata. Wanafyonza utomvu, na matawi hugeuka kahawia kuanzia ndani kwenda nje. Pangusa kiganja kwenye matawi: yakinata, na ukiona utando mweusi wa ukungu juu ya magome, usikate hapo. Shada la matawi hayo litageuka kahawia hata ulinyweshe vipi, na utakuwa umebeba wadudu kwenda kwenye ua la mtu mwingine. Ukikuta safu nzima ya misaipresi ina hali hiyo, acha kila kitu umwite afisa misitu wa wilaya. Usianze kupulizia dawa ya kubahatisha.

Dalili: matawi yanakatika unapoyakunja

Kwanza angalia unene. Kijiti kinene kuliko penseli hakitafuata duara la sentimita 40. Kata sentimita 25 hadi 30 za mwisho za tawi, na uchukue matawi ya chini ya mti yaliyo kivulini, ambayo ni marefu na laini kuliko ya kileleni.

Kama ni membamba na bado yanakatika, huenda umekata Septemba au Oktoba mti ukiwa umekauka. Yaloweke yote kwenye maji ya vuguvugu kwa saa nzima, kisha yakunje kwa hatua: pitisha kidole gumba chini ya tawi kutoka chini kwenda juu mara kadhaa kabla ya kulizungusha. Mpaina wa sindano ndefu zinazoning'inia hukunjika vizuri kuliko wowote, ila kijiti chake ni kigumu, kwa hiyo tumia sindano na ncha tu.

Shambani kuna mipaka. Tawi linalogusa au kukaribia nyaya za umeme si lako kukata, hata kwa panga lenye mpini mrefu, wapigie TANESCO. Mashamba ya miti ya serikali, kama Sao Hill pale Mufindi au Kiwira upande wa Rungwe, yako chini ya wakala wa misitu wa serikali, TFS, na hata matawi unaombea ruhusa kwa msimamizi. Baada ya uvunaji matawi mengi hubaki chini, lakini yachukue siku ileile yanapoangushwa. Ya wiki iliyopita ni kijani cha kuangalia tu.

Na usijaribu mnyaa kwa sababu tu haunyauki. Ni kweli unavumilia jua kuliko wote niliowataja, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari. Yakikuingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi bila kusugua, uende hospitali mara moja, usisubiri uone kama maumivu yatapungua. Oleanda nayo ina majani yanayodumu, lakini kila sehemu yake ni sumu, haifai kutundikwa mahali ambapo mtoto au mbuzi anaweza kuifikia.

Dalili: shada limekuwa na umbo la yai

Fremu ni nyembamba kuliko mzigo. Waya wa henga ya nguo unabeba shada la sentimita 25, haubebi la 40. Lilaze chini, funga waya mwingine wa milimita 4 mgongoni, uunganishe sehemu nane. Unapotengeneza duara jipya, zungusha waya kwenye kitu kidogo kuliko unachotaka, kwa maana utajifungua ukiuachia. Ndoo ya lita 20 ina upana wa karibu sentimita 30 na inatoa duara la 33 au 34. Shada la kanisani lenye upana wa mita moja linahitaji nondo ya milimita 6 na kuchomelewa. Mpe fundi wa kuchomelea, na umwambie mapema kama waya una zinki, kwa sababu moshi wake unadhuru na kazi hiyo hufanyiwa mahali pa wazi. Kulitundika juu ya ukuta mrefu nako ni kazi ya fundi mwenye ngazi imara na bolti za ukutani.

Dalili: ukungu, harufu, majani meusi katikati

Hii ni ya Tukuyu na Kyela zaidi kuliko Iringa. Shada lilifungwa likiwa limelowa, au limekaa kwenye mfuko. Tenganisha majani kwa vidole hadi uone fremu. Kama ukungu uko kwenye kitita kimoja au viwili, viondoe, tundika shada penye upepo siku nzima bila kunyunyiza maji. Ukiwa umeenea kwenye duara lote, vua majani yote uyafukie, sugua fremu kwa sabuni, ikauke juani, na uanze upya.

Lini shada limekwisha

Sugua kitawi cha msaipresi kati ya viganja. Vipande vidogo vichache vikidondoka, bado lina muda. Yakidondoka kwa wingi na mkono ukabaki na vumbi la kijani, limekuwa kavu kabisa, na kuanzia hapo lisikae karibu na mshumaa, jiko la mkaa wala taa za mapambo zinazopata moto. Waya wa taa ukiwa umechubuka ndani ya majani makavu, zima kwenye soketi kwanza na umwite fundi umeme, usiguse shada. Fremu, utepe wa tyubu na waya wa shaba vinatumika tena. Kata majani, kung'uta, na uihifadhi fremu mahali pakavu.